Mpikie baba chakula kitakachoshinda bucha: Kolesteroli ishuke, ladha ibaki

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Lakini je, msomaji mpenzi, utafanyaje ikiwa mgonjwa mwenyewe ni mwenye nyumba, anatembea kwa miguu yake, ana fedha mfukoni na anajua vizuri njia ya kwenda buchani kunakochomwa nyama? Huyo usipomuuliza uji, atauacha mezani upoe, kisha atavaa koti na kutoka.

Hilo ndilo tatizo la jamaa nyingi siku hizi. Baba amefika miaka 49. Ameenda kupimwa damu, pengine kule Wote au Machakos, na karatasi ya maabara imerudi ikionyesha kwamba kolesteroli imepanda. Daktari amemwambia apunguze mafuta. Mama naye, kwa mapenzi na hofu, amegeuza jikoni kuwa wodi ya hospitali: ugali mweupe, kabeji ya kuchemsha, kipande cha kuku kilichopauka, bila chumvi wala kitunguu. Siku tatu baba amevumilia. Siku ya nne amerudi saa tatu usiku ameshiba, na shati linanuka moshi wa makaa.

Makala haya yanakuhusu wewe unayempikia baba wa namna hiyo, au wewe mwanafunzi ambaye likizo hii umeachiwa sufuria za nyumbani. Tutatumia mfano wa jamaa ya watu watano katika soko la Kikima, huko vilimani Mbooni katika Kaunti ya Makueni. Baba huyo wa mfano wetu ni mfanyabiashara. Chai ya asubuhi hunywa dukani na chakula cha mchana hula hotelini. Kwa hivyo mlo mmoja tu ndio ulio mikononi mwa mama, nao ni wa jioni. Lazima mlo huo ufanye kazi mbili: upunguze kolesteroli, na uwe mtamu kiasi cha kumfanya baba arudi nyumbani kuula.

Kolesteroli yatoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba kolesteroli yote iliyo katika damu imetoka katika sahani. La hasha. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe, maana mwili unaihitaji. Ini huituma katika damu, kisha huivuta tena kutoka katika damu kwa kutumia vijilango vidogo vilivyo juu ya chembechembe zake. Vijilango vikiwa vingi, damu husafika. Vikipungua, kolesteroli hubaki ikizunguka na kujipachika polepole katika kuta za mishipa ya moyo. Hiyo ndiyo iitwayo kolesteroli mbaya, ambayo katika karatasi ya maabara huandikwa kwa herufi LDL.

Sasa, kinachopunguza vijilango hivyo zaidi ya kingine chochote mezani ni mafuta ya kuganda, yaani yale ambayo yakipoa huwa magumu: mafuta ya ng'ombe na mbuzi, samli, malai ya maziwa, na yale mafuta meupe au ya manjano ya kupikia yanayouzwa katika mikebe. Kiini cha yai kina kolesteroli yake, ni kweli, lakini kwa watu wengi madhara yake ni madogo kuliko ya mwiko wa mafuta ya mkebe uliotumika kulikaangia yai hilo.

Upande wa pili uko msaada. Nafaka za jamii ya kunde, yaani mbaazi, ndengu, kunde na maharagwe, zina nyuzinyuzi laini ambazo zikifika tumboni huwa kama ute. Ute huo hunasa nyongo na kuondoka nayo chooni. Nyongo hutengenezwa na ini kutokana na kolesteroli. Ini likiona akiba ya nyongo imepungua, hulazimika kuvuta kolesteroli kutoka katika damu ili kutengeneza nyingine. Robo tatu ya kikombe cha nafaka hizo zikiwa zimepikwa, zikiliwa kila siku, hushusha kolesteroli mbaya kwa takriban asilimia 5.

Umeona basi, msomaji, kwamba hakuna haja ya kumlisha baba kabeji ya wodi. Mambo ni mawili tu: badilisha mafuta yaliyo katika sufuria, na uhakikishe kwamba kila jioni kuna nafaka ya jamii ya kunde katika sahani. Viungo, moshi, uchachu na pilipili havina hatia yoyote katika kesi hii.

Na hapo ndipo mwenyeji wa Ukambani ana bahati. Mbaazi, ndengu na kunde ni mazao ya nyumbani kwake, hasa zile sehemu za chini zenye joto. Zamani vyakula hivi vilikuwa ndivyo chakula chenyewe, nayo nyama ilikuwa ya siku za sherehe. Mwaka 1956 Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, akishirikiana na mwenzake Singh, alichapisha katika jarida la matibabu la Afrika Mashariki habari za Mwafrika aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, na bado akawa habari ya kuandikwa katika jarida! Trowell baadaye alikuwa miongoni mwa madaktari waliosisitiza umuhimu wa nyuzinyuzi katika chakula. Leo daktari yeyote wa mjini angekucheka ukimwambia kwamba mgonjwa mmoja wa moyo ni ajabu.

Tuuchunguze mkebe wa mafuta

Kabla hujabadilisha chakula, uchukue mkebe ulio jikoni. Pengine umeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba mafuta hayo hayana kolesteroli. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakusaidii. Kolesteroli hupatikana katika vyakula vya wanyama, kwa hivyo mafuta ya mmea kwa kawaida huwa hayana. Swali la maana ni hili: je, yana mafuta ya kuganda kiasi gani?

Mafuta magumu ya kupikia tunayoyatumia hapa Kenya aghalabu hutokana na michikichi, na karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda. Mafuta ya alizeti yana kama sehemu moja tu kwa kumi. Katikati kuna mtego: chupa nyingi za mafuta ya maji yanayoitwa tu mafuta ya mboga ni za michikichi pia, ila zimechujwa ili yasigande upesi. Hayo nayo yana kama sehemu nne kwa kumi za mafuta ya kuganda. Utayajuaje? Soma orodha ya vilivyomo nyuma ya chupa. Na kama maandishi hayaeleweki, mkazi wa vilimani ana kipimo chake cha bure. Iache chupa dirishani usiku mmoja wa baridi ya mwezi wa Julai. Mafuta ya michikichi aghalabu yataamka yakiwa na ukungu mweupe chini ya chupa, au yameganda kabisa. Ya alizeti yatabaki maangavu.

Haya, tufanye hesabu ya sufuria moja. Mama wa mfano wetu alizoea kuchota mafuta magumu kwa mwiko, na ukipima mchoto huo ni vijiko vikubwa 6, yaani gramu 84 hivi. Nusu yake ni mafuta ya kuganda, gramu 42. Ukigawa kwa watu watano, kila mmoja amekula gramu 8 na zaidi kabla hata hajagusa kipande cha nyama. Sasa mama atumie vijiko 3 vya mafuta ya alizeti. Hizo ni gramu 42 za mafuta, na katika hizo za kuganda ni kama 5 tu. Kila mtu amepata gramu moja.

Je, tofauti hiyo ni kubwa? Mwanamume asiyefanya kazi ya sulubu, anayetumia kalori 2,000 hivi kwa siku, akitaka kushusha kolesteroli yake hushauriwa asipitishe kama gramu 15 za mafuta ya kuganda kwa siku nzima. Ikiwa mchana alikula chipsi na nyama ya kukaanga hotelini, na asubuhi alikunywa vikombe viwili vya chai yenye maziwa mazito, sehemu kubwa ya gramu hizo imekwisha kuliwa. Chakula cha jioni ndicho kitakachoamua kama atavuka mpaka au la.

Neno la tahadhari: pima kwa kijiko, usimimine kutoka katika chupa. Alizeti ni bora, lakini mafuta ni mafuta. Baba akinenepa kwa sababu yake, faida itapungua.

Siri ya ladha iko wapi?

Watu hulalamika kwamba chakula kisicho na mafuta mengi hakina ladha. Ukweli ni kwamba mafuta hubeba harufu ya viungo, na pia husaidia vitunguu kuwa vya rangi ya kahawia. Ukipunguza mafuta bila kubadilisha namna ya kupika, chakula kitapooza. Kwa hivyo tia nguvu katika mambo matatu.

Kwanza, vitunguu. Tia vijiko 3 vya mafuta katika sufuria, weka vitunguu 3 vikubwa vilivyokatwa vyembamba, funika, tumia moto mdogo. Vikianza kushika chini usiongeze mafuta, nyunyiza vijiko viwili vya maji na ukwangue kwa mwiko. Rudia hivyo mara tatu au nne kwa muda wa dakika 20 hivi, mpaka vitunguu viwe kahawia na vitamu. Wapishi wengi huchoka dakika ya tano, na hapo ndipo wanapoharibu chakula.

Pili, moshi. Kinachomvuta baba buchani mara nyingi ni harufu ya makaa kuliko hata nyama yenyewe. Weka nyanya 4, pilipili hoho moja na pilipili kali moja juu ya makaa ya jiko, uzigeuze mpaka maganda yawe meusi. Menya, ponda kwa kinu au kwa kisu, tia chumvi kidogo, dania na limau. Hiyo ni kachumbari ya kuchoma, isiyo na tone la mafuta, na harufu yake itamkuta baba mlangoni.

Tatu, uchachu. Ukwaju, ambao Wakamba huuita kithumula, humea kwa wingi katika nyanda kavu za Makueni na Kitui. Huo pamoja na limau huamsha ulimi kama chumvi ifanyavyo, na kwa hivyo hukuwezesha kupunguza chumvi yenyewe. Usidanganyike kuziba pengo la mafuta kwa vipande vya supu ya dukani. Vingi vimejaa chumvi, na baba wa umri huo huenda ana shinikizo la damu pia.

Jioni ya kwanza: Ndengu za ukwaju

Chukua vikombe 2 vya ndengu kavu, uchague na kuosha. Chemsha kwa maji yasiyo na chumvi kwa dakika 40 hadi 45, mpaka zianze kupasuka. Wakati huohuo loweka kipande cha ukwaju cha ukubwa wa yai katika kikombe kimoja cha maji ya moto, kikamue na kuchuja.

Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu kwa namna tuliyoeleza. Ongeza punje 5 za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vikiwa vimepondwa, halafu kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba uliyoikaanga kavu na kuisaga, na nusu kijiko cha manjano. Tia nyanya 4, ziive mpaka zilainike. Sasa mimina ndengu pamoja na maji yake, uponde kama theluthi moja kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Utahisi ulaini mdomoni, ule ambao kwa kawaida watu huutafuta kwa mafuta au tui la nazi.

Maji ya ukwaju yatiwe mwisho kabisa, dakika 5 kabla ya kuepua. Usiyatie mapema. Vitu vichachu, pamoja na nyanya, huzizuia nafaka kulainika, na utapika mpaka usiku wa manane ukidhani ndengu ni za mwaka juzi. Maliza kwa dania na pilipili. Andaa pamoja na ngima, yaani ugali, wa unga usiokobolewa, na sukuma wiki iliyopikwa kwa nyanya na maji badala ya kukaangwa. Kiasi hiki hutoa takriban kilo moja ya ndengu zilizoiva, kwa hivyo kila mtu atapata zaidi ya ile robo tatu ya kikombe.

Jioni ya pili: Isyo au muthokoi?

Wenyeji watauliza juu ya muthokoi, maana ni chakula cha heshima. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa mpaka maganda yakatoka. Ni matamu na laini, lakini nyuzinyuzi nyingi zimebaki katika makapi waliyotupiwa kuku. Isyo, yaani mahindi na maharagwe yasiyokobolewa, ndiyo bora kwa baba wetu. Hata hivyo si lazima kumnyima muthokoi. Badilisha kipimo. Wengi hutia vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha mbaazi. Wewe tia kimoja kwa kimoja.

Loweka mbaazi kavu usiku kucha, umwage maji yale, chemsha kwa maji mapya. Zile kavu huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Muthokoi upikwe mbali mpaka uive, kisha vichanganywe katika sufuria yenye vitunguu vya kahawia, karoti, kitunguu saumu na majani ya dania. Juu yake weka ile kachumbari ya makaa, na pembeni robo au nusu ya parachichi. Mbooni kuna maparachichi mazuri. Mafuta yake mengi si ya kuganda, kwa hivyo tunda hilo laweza kuchukua mahali pa siagi na samli bila wasiwasi, maadamu halizidi nusu.

Hapa kuna jambo ambalo akina baba hulionea haya kulisema: mbaazi na maharagwe huwajaza gesi. Ndiyo sababu wengine husukuma sahani. Usianze kwa bakuli zima. Wiki ya kwanza mpe vijiko vikubwa vinne au vitano tu, uongeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki tatu. Tumbo huzoea. Kumwaga maji ya kulowekea kunasaidia pia, na ndengu huwa nyepesi kuliko maharagwe.

Jioni ya tatu: Nyama, naam, nyama

Ukimpiga baba marufuku ya nyama nyumbani, umemfukuza. Jumamosi mpikie mbuzi, ila kwa utaratibu. Nunua nusu kilo ya mguu, badala ya mbavu, kwa watu watano. Ondoa mafuta meupe yote kwa kisu. Chemsha mchana kwa tangawizi na kitunguu saumu mpaka iive. Kisha tia sufuria ndani ya karai la maji baridi, ubadilishe maji yakipata joto. Baada ya muda mafuta yataganda juu ya supu kama utando mweupe. Yaondoe kwa kijiko. Utashangaa kuona ni mengi kiasi gani, na ni afadhali umwonyeshe baba mwenyewe, kwani jicho hufundisha kuliko maneno. Usiiache supu hiyo ilale nje usiku kucha, kwa maana nyama huharibika. Mara tu ukiondoa mafuta, irudishe motoni ichemke vizuri.

Toa vipande vya nyama, vipake limau, pilipili manga na kitunguu saumu, uvipitishe juu ya makaa dakika chache mpaka vipate rangi. Supu ile pikia kunde au maharagwe. Kwa njia hii baba amepata choma yake na supu yake, lakini nafaka ndiyo imejaza sahani, nayo nyama imekuwa kama kitoweo.

Siku nyingine za wiki zungusha hayo: kunde na viazi vitamu, maharagwe ya pilipili na wali kidogo, samaki wa kuchoma au kuku aliyetolewa ngozi. Kabla ya kulala baba akitaka chai, chemsha maziwa mapema, yapoe, uengue malai, ndipo uyapikie chai.

Siku anapokula nje

Baba hawezi kufungwa kamba. Siku moja atakwama sokoni au Nairobi. Mweleze kwa upole nini cha kuagiza. Katika hoteli zetu nyingi ndengu au maharagwe kwa ugali na mboga hupatikana, tena kwa bei nafuu kuliko nyama. Aachane na chapati, kwa kuwa hukandwa kwa mafuta kisha hukaangwa kwa mafuta. Aambie mhudumu asimwagie mafuta ya mchuzi, na akiagiza choma achague mnofu wa mguu, ngozi na mafuta ayaache kwenye ubao. Mutura na maini yawe ya nadra.

Nawe mama, jenga desturi ya kuuliza jioni bila kulaumu: "Baba, leo mchana ulikula nini?" Akisema chipsi na nyama, jioni hiyo iwe ya ndengu na mboga. Akisema ugali na maharagwe, waweza kumwekea kipande cha kuku. Ukiuliza kama askari, utaambiwa uongo, na hesabu yako yote itaharibika.

Chakula kina mpaka wake

Tusidanganyane, chakula si miujiza. Tuseme LDL ya baba ilikuwa 4.2. Madaktari wengi hupenda iwe chini ya 3 hata kwa mtu asiye na maradhi mengine. Akipunguza mafuta ya kuganda siku nzima kweli kweli, anaweza kushuka kwa asilimia 8 hadi 10. Nafaka zikiongeza asilimia 5, atafika karibu 3.6. Hiyo ni hatua kubwa, lakini bado hajafika. Ikiwa pia ana kisukari, shinikizo la damu au anavuta sigara, huenda daktari akaongeza dawa, aghalabu zile za jamii ya statini. Kula mbaazi si sababu ya kuzitupa. Vyote viwili hufanya kazi pamoja. Na ikiwa amepewa dawa hizo, aulize juu ya balungi, kwa sababu tunda hilo huzidisha nguvu za baadhi yake mwilini. Mwenye ugonjwa wa figo naye asianze kula nafaka nyingi na parachichi kabla ya kumwona daktari.

Kama LDL ni 4.9 au zaidi, au kama baba yake au ndugu yake alipatwa na moyo akiwa bado kijana, huenda tatizo ni la kurithi. Huyo aende hospitali mapema, na watoto wake wapimwe pia, hata kama ni wembamba.

Usimpime baada ya wiki moja ukakata tamaa. Ini huhitaji muda. Anza leo, andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kisha baba arudi kupimwa baada ya miezi miwili au mitatu, ikiwezekana katika maabara ileile. Hadi siku hiyo, kipimo chako cha kila jioni ni sahani yake. Kama mchuzi ukipoa haufanyi utando mweupe, na baba amemaliza ndengu zake akaomba nyingine, ujue mnakwenda vizuri.